Ukurasa umegoma kufunguka? Usikimbilie kuzima ruta

Ukurasa ukigoma, wengi huzima ruta au kuanza kuchezea mipangilio. Subiri kwanza. Kuna mambo manne ya kujaribu kwa mpangilio, na kila moja hupunguza mahali pa kutafuta tatizo.

Anza kwa kupakia ukurasa upya. Kwenye kompyuta bonyeza F5. Kwenye simu, vuta ukurasa kuelekea chini kisha uachie. Hitilafu nyingi za kupita huishia hapo. Ila kama ulikuwa katikati ya malipo, usipakie upya kabla ya kuangalia salio, maana ombi linaweza kutumwa tena ukakatwa mara mbili.

Bado? Fungua tovuti nyingine, tena ambayo hujaitembelea karibuni, kwa sababu kivinjari hutunza nakala za kurasa na kinaweza kukuonyesha ya zamani hata intaneti ikiwa haipo. Ikifunguka, intaneti unayo.

Hatua mbili zinazofuata, kifaa kingine na mtandao mwingine, ndizo zinazochanganya watu. Tuseme mwanafunzi anajaza fomu ya chuo kwenye laptopu iliyounganishwa na Wi-Fi. Ukurasa unazunguka, kisha inatokea `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`. Tovuti ya habari inafunguka vizuri. Anachukua simu, fomu inafunguka, naye anaamua laptopu ni mbovu. Lakini simu ilikuwa inatumia data! Amebadilisha kifaa na mtandao kwa pamoja, kwa hiyo hawezi kujua kipi kilileta tofauti.

Inampasa azime data na kuiunganisha simu na Wi-Fi ileile. Akijaribu hivyo, fomu inagoma. Sasa azime Wi-Fi na kuwasha data kwenye simu hiyohiyo: inafunguka. Laptopu haina kosa. Shida iko kwenye njia ya ile Wi-Fi. Hapa ndipo kuzima ruta kwa nusu dakika na kuiwasha kunapokuwa na maana. Ikishindikana, anaweza kurushia laptopu intaneti ya simu, amalize fomu yake.

Kama ingefunguka kwenye simu kwa Wi-Fi ileile, tungeigeukia laptopu: jaribu dirisha la faragha la kivinjari, na utazame tarehe na saa. Saa iliyokosewa hukifanya kivinjari kikatae tovuti nzima kwa madai kwamba si salama.

Na ikigoma kwenye vifaa vyote na mitandao yote, kwa kawaida tatizo ni la tovuti yenyewe. Namba `503` humaanisha seva kwa sasa haiwezi kuhudumia, basi ngoja. `404` ni tofauti: seva imejibu, ila ukurasa huo haupo, hivyo kagua anwani herufi kwa herufi.

Ukipiga simu kuomba msaada, usiseme tu “mtandao haufanyi kazi”. Sema: “Ukurasa huu unagoma kwenye laptopu na simu kwa Wi-Fi, lakini kwa data unafunguka,” kisha msomee maneno ya kosa kama yalivyo kwenye skrini.