Dhana Potofu Kuhusu Kumwendea Mwenye Duka kwa Kazi ya Dizaini

Dhana potofu: Ukimtumia mwenye duka picha za kazi zako nzuri, ataona thamani yako.

Ukweli ni kwamba nembo ya hoteli uliyomtengenezea mtu mwingine haimwambii chochote mama anayeuza mafuta ya alizeti karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Kinachomgusa ni duka lake mwenyewe. Chukua mfano wa duka ambalo bango lake lina jina kubwa, picha tano na namba tatu za simu, huku maneno "mafuta ya alizeti" yakiwa na herufi za sentimita 4. Kanuni ya kawaida ya mabango ni kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka kwa urahisi kutoka mita 3 hivi. Kwa hiyo mpita njia aliye ng'ambo ya barabara, mita 12 kutoka dukani, anahitaji herufi za sentimita 10.

Nenda asubuhi kabla wateja hawajasongamana, uamkie, kisha uombe dakika chache. Andaa neno ALIZETI kwa herufi nene za sentimita 10 juu ya karatasi mbili za A4 zilizolazwa na kuunganishwa, ulibandike mlangoni kwa ruhusa yake, halafu mvuke barabara pamoja na umwombe asome bango na karatasi. Ukimwacha asome mwenyewe bila kumsomea, hutahitaji maelezo marefu. Usimwahidi kwamba mauzo yatapanda, kwa sababu jaribio hilo limethibitisha usomekaji tu.

Dhana potofu: Kuonyesha thamani kwanza ni kufanya kazi yote bure.

La hasha. Karatasi mbili na mchoro mmoja uliowekwa juu ya picha ya duka lake vinatosha. Mchoro huo ukitumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ubora, hivyo unafaa kutazamwa kwenye simu lakini haufai kuchapishwa kwa ukubwa wa bango. Faili la kuchapia hubaki kwako hadi mkubaliane.

Dhana potofu: Bei isitajwe mpaka mteja alainike kabisa.

Akiuliza, "Sasa ni shilingi ngapi, mwanangu?", jibu papo hapo, maana kuzungukazunguka humfanya ahisi anategwa. Ugumu halisi uko kwingine: wenye maduka wengi wamezoea kuona sehemu za uchapaji zikichora bango bila kutaja malipo ya usanifu, kwa kuwa gharama hiyo imekwisha kuingizwa kwenye bei ya uchapaji. Kwa hiyo mwandikie mistari miwili, mmoja wa usanifu unaolipwa kwako na mwingine wa uchapaji unaolipwa kwa mchapaji, ili akiamua kuanza na karatasi za mlangoni pekee, ajue analipia nini.