Filta haijui taa iko wapi: dhana potofu kuhusu picha ya flashi na mchoro

Wiki hii peke yake watu watatu wameniletea picha za flashi za simu, na wote wamesema maneno yaleyale, "we igeuze tu mchoro, vivuli filta itaweka yenyewe." Mimi kazi yangu ndo hii, nachora picha za watu hapa Tanga kutoka kwenye picha zao za simu, na hilo neno nimelisikia mpaka nimechoka, sa leo naliandika lote mara moja nikiulizwa tena niwe natuma hapa.

Dhana: filta ya mchoro inaweka vivuli, na vikikosekana unaongeza kontrasti

Hapana jamani. Hii ndo inayoharibu kazi za watu kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Anza na flashi yenyewe. Kwenye simu, taa iko pembeni ya lenzi kama sentimita moja na nusu tu. Mtu akisimama mita 1 mbele yako, mwanga unatoka karibu palepale jicho la kamera lilipo, na kivuli siku zote kinaangukia upande wa pili wa kitu kutoka kwenye taa, yaani hapa kinaangukia nyuma ya kitu ambako kamera haioni. Pua iliyotokeza sentimita 2 kwa flashi ya namna hiyo inatupa kivuli kisichofika hata nusu milimita. Hamisha taa nyuzi 45 pembeni, pua ileile inatupa kivuli kinachokaribia sentimita 2 kwenye shavu. Hiyo ndo tofauti ya uso bapa na uso wenye umbo. Kivuli hakijafichwa humo ndani kikisubiri kontrasti ikitoe, hakikupigwa kabisa, hakimo kwenye picha.

Sa filta inafanya nini? Filta za kawaida za mchoro zinalainisha picha alafu zinagawa mwanga kwenye ngazi chache, tatu, nne, tano. Inaangalia pikseli hii ina mwanga kiasi gani, basi. Haijui pua ni nini, haijui taa iko wapi, na haijui kama weusi huu ni wa kitambaa au wa kivuli. Kwenye picha ya flashi paji la uso, ncha ya pua na mashavu ndo vinang'aa kwa sababu vinatazamana na kamera, na kingo za uso pande zote mbili zinafifia kwa sababu ngozi inageuka inakimbia kamera. Ukigawa ngazi hapo unapata doa jeupe katikati na mduara wa giza kuzunguka uso, kama mtu amechungulia kwenye sahani. Kontrasti inazidisha hichohicho, doa linakuwa jeupe zaidi na mduara mweusi zaidi. Hakuna upande ulioongezeka.

Kama huniamini jaribu kwenye kompyuta kabla hujaanza kazi, kwa programu ya ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick bibi.jpg -colorspace Gray -blur 0x6 -posterize 4 jaribio.png
```

Fungua hiyo `jaribio.png`, ipunguze iwe ndogo kama kidole gumba, alafu mwulize mtu yeyote aliyepo karibu, mwanga unatokea wapi? Akisita, picha bado haijawa tayari kuwa mchoro. Mimi sifanyi filta yoyote kabla ya hilo jaribio.

Nieleze kwa kazi moja niliyoifanya. Dada mmoja wa Ngamiani aliniletea picha ya bibi yake, imepigwa usiku kwenye shughuli, bibi kakaa kwenye kiti amejitanda mtandio mweusi na mabegani kuna khanga nyekundu, ukuta uko nyuma yake. Anataka mchoro wa kutundika sebuleni. Jaribio lilitoa kile nilichosema, paji limeungua jeupe, mduara wa giza usoni, na mtandio umeungana na ule mduara ikawa kitu kimoja, huoni uso unaishia wapi na nguo inaanzia wapi. Na nyuma yake ukutani kuna kile kivuli chembamba cheusi chenye ukingo mkali kinachomfuata mtu kama gundi, kila picha ya flashi unakijua.

Kitu cha kwanza nilifuta alama za flashi, kwa sababu ukipaka mwanga mpya juu ya ule wa zamani mchoro unakuwa na taa mbili zinazogombana. Kivuli cha ukutani kikatoka chote. Paji lilikuwa na sehemu ambayo pikseli zimefika 255 kabisa, yaani weupe wa mwisho, pale hamna ngozi imebaki, ukiweka kivuli juu yake unapata rangi tupu kama plastiki, kwa hiyo nilikopi ngozi ya karibu na nyusi nikaijaza na kuilainisha mpaka ikafanana. Mng'ao wa pua na mashavu nikaupunguza, sikuuondoa wote.

Alafu nikaamua taa, kabla ya kushika brashi. Nilichagua mwanga unaotoka kushoto juu, jua la saa kumi jioni, ambalo kwetu huku linakuwa limeinama kama nyuzi 35 kutoka upeo wa macho. Jua la saa sita sikulitaka kwa sababu liko utosini na linageuza macho kuwa mashimo. Nikamwomba mdogo wangu ajitande mtandio akae karibu na dirisha mwanga umpige kutoka upande huohuo, nikampiga picha bila flashi. Hiyo picha siitumii kwenye mchoro, ni ya kuangalia tu, na hapa ndo nawasihi sana, msichore kivuli cha uso kutoka kichwani, hata mzoefu anakosea, mtafute mtu umkalishe dirishani ni dakika tano tu.

Kwenye programu ya kuchora ya Krita nikafungua leya mpya juu ya picha, modi `Multiply` inayotia giza kilicho chini yake, rangi `#8c7a96`, nguvu ya leya asilimia 65. Nikapaka upande wa kulia wa uso wote kama kipande kimoja kwanza, mpaka wa mwanga na giza unashuka kutoka kwenye kipaji, unapita ubavuni mwa pua, unakatisha shavu, kona ya mdomo, mpaka kidevuni. Chini ya jicho la kulia nikaacha kipembetatu kidogo cha mwanga, kwa sababu mwanga wa pembe ile unapita juu ya pua na kudondoka pale.

Sasa kingo, na hapa wengi wanapofeli hata wakijua mengine yote. Kivuli cha umbo, yaani pale shavu linapogeuka taratibu, ukingo wake ni laini, na kivuli cha kutupwa, yaani kile pua inachokiangusha shavuni, ukingo wake ni mkali. Uso wa bibi ulikuwa na upana wa pikseli 900 hivi, kwenye shavu nililainisha kama pikseli 40, lakini kivuli cha pua kinapoanzia nililainisha pikseli 3 tu, kikawa kinalegea kidogo kinavyokwenda mbali. Ukilainisha vyote sawa uso unakuwa na moshi, ukivikaza vyote sawa unakuwa kinyago cha mbao.

Kitu kilichobadilisha picha kuliko vyote kilikuwa kidogo sana, ni utepe mwembamba wa kivuli ambao ukingo wa mtandio unautupa kwenye paji la uso. Kabla yake mtandio ulionekana umebandikwa, baada yake umekaa kichwani. Kivuli kama hicho kinaingia pia chini ya kidevu na pale khanga inapogusa shingo, hapo ndo giza zaidi kuliko sehemu zote.

Na upande wa mwanga nao una kazi, watu wanausahau. Flashi ilikuwa imefifisha kingo zote mbili, na mimi taa yangu iko kushoto, kwa hiyo shavu la kushoto mpaka karibu na sikio linatakiwa liwe na mwanga. Nikafungua leya ya `Soft Light` nikaliinua pale kwa rangi ya manjano hafifu. Usipofanya hivyo ule mduara unabaki nusu, na jicho linaukamata hata kama mtu hawezi kusema tatizo ni nini.

Nikarudia jaribio, dada wa watu akaangalia kile kipicha kidogo akanyoosha kidole juu kushoto hapohapo. Ndipo nikaweka filta.

Dhana: kivuli ni rangi nyeusi

Kivuli kina mwanga, ni mwanga mwingine tu uliorudi kutoka angani, ukutani, nguoni. Ngozi yetu ukiiwekea nyeusi tupu inakuwa ya majivu. Ndo maana nilitumia zambarau iliyopauka, na chini ya taya la bibi nikagusia wekundu kidogo kwa sababu khanga nyekundu ya mabegani ingerudisha mwanga wake pale.

Dhana: gradienti upande mmoja inatosha

Gradienti, yaani giza linalofifia taratibu kutoka upande mmoja, inapita juu ya uso kama pazia, haizunguki pua wala haiingii chini ya mdomo. Inaweka giza na haiweki umbo. Kwa ukuta wa nyuma sawa, hata mimi naitumia pale, kwa uso usiitumie.

Dhana: macho hayahusiki

Yanahusika sana. Flashi inaacha kinukta cheupe katikati kabisa ya mboni. Ukihamisha taa yote ukakiacha kile kinukta palepale, macho yanaendelea kusema kuna mtu mbele na flashi. Kifute, weka kingine juu kushoto kwenye macho yote mawili, kikubwa kidogo na kisicho cha duara kamili.

Dhana: picha yoyote inaokoleka

Hii hapana. Kama paji, pua na mashavu yote yamefika 255, au mtu kaegemea ukuta na kivuli cha flashi kimekula nywele na sikio, kuna vitu havipo na nikivibuni atakuwa mtu mwingine, mwenye bibi yake atajua siku hiyohiyo. Hapo naomba picha nyingine ya mtu huyohuyo, hata ndogo ya kitambulisho, nione ngozi na taya lake lilivyo. Na kama bado mko naye hai nyumbani, zima flashi, mkalishe mlangoni ubavu mmoja uelekee nje, mpige kabla jua halijazama, nitumie hiyo.