Taa ya njano: usimame au upite?

Kwa madereva wengi wa Dar es Salaam, njano ni ishara ya kukanyaga mafuta. Kanuni inasema kinyume chake: njano inayofuata kijani inakutaka usimame nyuma ya mstari mweupe wa kusimamia, isipokuwa kama umeshaukaribia mno hata huwezi kusimama salama. Wengi hujificha kwenye hiyo "isipokuwa", kwa hiyo tuipime.

Chukua gari dogo lenye breki nzima, lami kavu, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi. Kila sekunde linakwenda mita 14 hivi. Dereva hutumia kama sekunde moja kuiona taa na kuhamisha mguu, kisha breki ya nguvu isiyorusha abiria hula mita 24 nyingine. Jumla ni kama mita 38. Njano ikikaa sekunde 3, gari hilo lingekwenda mita 42. Basi akiwa mita 20 kutoka mstarini, apite. Akiwa mita 60, asimame, maana akiendelea atauvuka mstari kwenye nyekundu. Popote alipo, ana njia salama.

Mwendo ukifika 80 hesabu inageuka. Kusimama kunahitaji takriban mita 84, lakini kwa sekunde 3 za njano anakwenda mita 67 tu. Njano ikimkuta mita 75 kutoka mstarini, hawezi kusimama wala kuwahi. Kosa lake alishalifanya kabla taa haijabadilika. Mvua ikinyesha, au lori likiwa na shehena, hata mwendo wa 50 unaweza kumfikisha hapo, ndiyo maana hupunguzwa mapema.

Je, taa ikibadilika ukiwa umeshaingia makutanoni kihalali? Endelea na utoke. Usifunge breki katikati, na usirudi nyuma, kwa sababu bodaboda na waenda kwa miguu huwa wameshaziba nafasi uliyoiacha. Ukiwa katikati ukisubiri kukunja kulia, hakikisha magari yanayokuja kutoka mbele yako yamesimama kweli, siyo kwamba yana nyekundu tu, ndipo umalize kukunja. Mara nyingi mafundi huweka sekunde moja au mbili ambapo pande zote ni nyekundu ili watu kama wewe waondoke. Muda huo si wa anayekuja nyuma yako.

Aliyesimama pua ikiwa imepita mstari kidogo bado hajaingia makutanoni, kwa hiyo abaki hapo hapo hadi kijani. Hata kwenye kijani, kama foleni ng'ambo haijaacha nafasi ya gari lako, subiri nyuma ya mstari. Na trafiki akiwa amesimama katikati akiongoza magari, fuata mkono wake hata kama taa inasema vingine.