Kuwasha triplana hakutoshi: dhana potofu kuhusu tekscha za magenge

"Mwalimu, nimewasha triplana, lakini genge bado limejaa michirizi." Sentensi hii nimeletewa na wateja na wanafunzi mara nyingi mno, na karibu kila mara hufuatwa na hitimisho lilelile, kwamba triplana haifanyi kazi na heri kurudi kufungua UV kwa mkono. Triplana yenyewe, yaani mbinu ya kupaka tekscha kutoka juu na kutoka pande mbili za ubavu kisha kuzichanganya, huwa haina kosa. Kilichokosewa ni uzito wa kuchanganya, yaani sehemu ya rangi inayopewa kila upakaji, na kosa hilo linatokana na dhana moja ambayo nataka kuieleza kwa urefu kuliko nyingine zote.

Dhana yenyewe ni hii: kwa kuwa uzito unatokana na nomali ya uso, yaani mshale unaoonyesha uso unaelekea wapi, basi nomali ndiyo uzito, na mchanganyiko ukiwa laini zaidi ndivyo mwamba utakavyopendeza zaidi. Watu huchukua `abs(n)`, hugawanya kwa jumla ya vijenzi vyake ili uzito wote uwe 1, kisha huridhika. Katika Godot, injini ya kutengenezea michezo ya kompyuta, hali hiyo huja bila mtu kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu `uv1_triplanar_sharpness` huanza na 1.0, na kipeo cha 1 hakibadilishi chochote.

Tuchukue genge la bonde la majivu ya volkano ambalo mteja mmoja aliniletea. Ukuta wake ulikuwa na mwinamo wa nyuzi 80, yaani karibu wima, nao ulielekea upande wa mhimili wa X, huku Y ukiwa mhimili wa juu. Nomali yake ni takriban (0.98, 0.17, 0). Tekscha inayopakwa kutoka juu kwenye ukuta kama huo huvutika kwa kiasi cha 1 gawanya kwa 0.17, yaani karibu mara 6, ilhali ile inayopakwa kutoka ubavuni haivutiki kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Sasa gawanya 0.17 kwa jumla ya 1.15, na utaona kwamba ule upakaji wa juu, uliovutika mara 6, bado unachangia asilimia 15 ya rangi ya ukuta. Hiyo ndiyo michirizi anayoilalamikia mteja: ni tekscha ya juu iliyonyooshwa kama uzi, ikionekana kwa mbali kupitia tekscha nzuri ya ubavuni. Kwa uzito wa namna hii, upakaji wa juu haushuki chini ya asilimia 10 mpaka mwinamo upite nyuzi 83, na magenge machache sana ya michezo yana mwinamo huo.

Dawa yake ni kuinua uzito kwa kipeo kabla ya kuugawanya kwa jumla; hapa `n` ni nomali, `p` ni mahali pa nukta, `t` ni tekscha na `s` ni kipimo chake:

```glsl
vec3 w = pow(abs(n), vec3(4.0));
w /= w.x + w.y + w.z;
vec4 c = texture(t, p.zy * s) * w.x
       + texture(t, p.xz * s) * w.y
       + texture(t, p.xy * s) * w.z;
```

Kwa kipeo cha 4, mchango wa upakaji wa juu kwenye ukuta uleule unashuka kutoka asilimia 15 hadi takriban asilimia 0.1, na michirizi inatoweka. Hata mteremko wa nyuzi 60, ambao kwa kipeo cha 1 ungepewa asilimia 37 ya tekscha iliyovutika mara 2, sasa unapewa asilimia 10 tu. Mimi huanza na 4 na sivuki 8 bila sababu, kwa maana kipeo kikubwa hufinya eneo la mchanganyiko hadi likawa ukanda mwembamba, na kwenye mteremko wa nyuzi 45 utaona mshono kana kwamba nguo mbili zimeunganishwa.

Hapo kwenye nyuzi 45 ndipo palipo mpaka halisi wa mbinu hii, na ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba triplana huondoa kuvutika kabisa. Pale ambapo nomali iko katikati ya mihimili miwili, kila upakaji huvutika mara 1.41, na kwenye kona inayotazama mihimili yote mitatu kwa usawa huvutika mara 1.73. Kipeo hakiwezi kubadilisha hilo, wala hakiwezi kubadilisha uwiano wa nusu kwa nusu unaopatikana hapo. Tekscha mbili zisizohusiana zikichanganywa nusu kwa nusu hupoteza karibu asilimia 30 ya tofauti kati ya mwanga na kivuli, kwa hiyo ukanda huo huonekana umefifia kama picha iliyopigwa kwenye ukungu. Anayejali ukanda huo na aongeze kimo cha mawe kwenye uzito, ili jiwe lililochomoza katika tekscha moja lishinde ufa wa tekscha nyingine, badala ya vyote viwili kuonekana nusunusu.

Kabla ya kugusa kipeo au tekscha, namsihi kila mtu aonyeshe `w` yenyewe kama rangi. Kuta zinapaswa kuwa nyekundu au bluu safi, ardhi tambarare iwe kijani, na rangi zilizochanganyika zikae kwenye mabega ya mwamba peke yake. Ukuta ukiwa na rangi ya chungwa, uzito ni laini mno, na hakuna tekscha mpya itakayokuokoa.

Picha hiyo ya uzito hufichua pia dhana nyingine, kwamba nomali yoyote inafaa. Ukitumia nomali iliyokwisha kuchakatwa na ramani ya nomali, yaani tekscha inayoigiza mikwaruzo midogo ya uso, ukuta mwekundu utajaa madoadoa ya kijani, kwa sababu mdomo wa kila kijiwe unajidai kuwa ni ardhi tambarare na kuvuta tekscha ya juu. Uzito lazima utokane na nomali ya meshi yenyewe, iliyolainishwa kwenye nukta zake za kona.

Wapo pia wanaoamini kwamba mpangilio wa herufi katika `p.zy` hauna maana, na kwamba `p.yz` ni kitu kilekile. Kwa changarawe huenda usione tofauti yoyote. Kwa mwamba wenye matabaka, kama lile genge la majivu, `p.yz` huizungusha tekscha nyuzi 90 kwenye kuta za X, hivyo matabaka yanalala upande mmoja wa genge na kusimama wima upande wa pili. Kimo, yaani Y, kiwe kuratibu ya pili katika kuta zote mbili, na tabaka litapinda kona likiwa kwenye usawa uleule.

Dhana ya mwisho ni kwamba, kwa kuwa triplana ni nzuri, basi ardhi yote ipakwe kwa triplana. Materiali yenye rangi, nomali na ukwaruzo husoma tekscha mara 3 kwa kila pikseli, na kwa triplana husoma mara 9. Ukiwa na tabaka nne za ardhi zilizopakwa hivyo, utafika 36. Nyasi na mchanga hukaa kwenye miteremko ambayo haizidi nyuzi 30, ambako upakaji wa juu huvutika mara 1.15 tu, na hakuna mchezaji atakayeliona hilo. Triplana iwekwe kwenye tabaka la mwamba peke yake.