Kufuta Chrome na kuiweka upya hakuondoi matangazo

Wiki hii tena nimeletewa kompyuta hapa Arusha kutoka ofisi ya watalii, na maelezo ni yaleyale: "Fundi, Chrome tumeshaifuta na kuiweka upya, matangazo bado yanarudi. Hii ni virusi kubwa." Naomba niseme kwa mara ya mwisho, ingawa najua haitakuwa ya mwisho: kuiondoa Chrome na kuiweka tena peke yake hakumalizi tatizo hili.

Kwanza, ukiiondoa kwenye Windows bila kuweka tiki kwenye kile kisanduku cha kufuta data zako za kuvinjari, folda ya wasifu wako inabaki palepale kwenye diski. Chrome mpya ikija inaikuta na kuendelea ilipoishia. Pili, hata ukiweka tiki, mara utakapoingia kwa Gmail ileile na kuwasha usawazishaji, yaani sync inayolinganisha Chrome zako zote, akaunti itakurudishia kila ilichokuwa inakutunzia: alamisho za kurasa unazopenda, mipangilio, na viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Chrome, pamoja na kile kinacholeta matangazo. Ni kama kufagia nyumba huku takataka umeziweka kwa jirani azirudishe jioni.

Sasa hapa ndipo hata mafundi wenzangu wananichosha. Wakishajua kwamba usawazishaji ndio unaorudisha, wanauzima, wanafuta kiendelezi, kisha wanauwasha tena. Jamani! Ulipofuta ukiwa umeuzima, nani aliiambia akaunti? Nakala yake bado inacho kiendelezi kile, na ukiunganisha tena, pande mbili zinachanganywa na kiendelezi kinarudi. Kufuta kunasafiri kama kuongeza kunavyosafiri, lakini lazima njia iwe wazi. Kwa hiyo acha usawazishaji ukiwa umewashwa, fungua `chrome://extensions`, bonyeza Remove, na uache intaneti ifanye kazi yake.

Ofisi hii ilikuwa na kompyuta ya mapokezi na laptopu ya bosi, zote kwenye akaunti moja. Aliyeleta shida alikuwa kiendelezi cha kubadilisha PDF ambacho kilipora sehemu ya kutafutia. Nilikiondoa kwenye ya mapokezi, nikafungua Chrome ya laptopu nikasubiri kidogo, na huko nako kikatoweka. Kingekuwa bado kipo, ningeangalia kama laptopu kweli iko kwenye akaunti hiyohiyo na kama viendelezi vimeruhusiwa kusawazishwa.

Ukikuta kitufe cha Remove hakipo, na menyu inasema "Managed by your organization" wakati shirika lako ni wewe na mpwa wako, basi kuna programu ya Windows iliyoandika sera, yaani amri ambayo Chrome inalazimika kuifuata, ya kulazimisha kiendelezi. Fungua `chrome://policy` utafute `ExtensionInstallForcelist`. Ondoa kwanza programu yenyewe, ndipo ufute sera kwa Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
```

Usithubutu kwenye kompyuta ya benki au ya serikali. Huko sera zimewekwa kwa makusudi. Na nikiri, programu iliyoiandika huwa siipati kila mara. Sera ikirudi baada ya kuwasha kompyuta upya, naweka Windows upya badala ya kubahatisha siku nzima.

Vile vibango vinavyoibuka kwenye kona ya skrini, "kompyuta yako imeambukizwa", mara nyingi si madirisha ibukizi. Chrome huyazuia hayo yenyewe. Hivyo ni arifa, na ulizikubali siku ulipobonyeza "Allow" eti kuthibitisha wewe si roboti. Nenda `chrome://settings/content/notifications` uondoe tovuti usizozijua. Hata kwenye simu ya Android angalia ruhusa hizo, maana Chrome ya huko haiweki viendelezi kabisa.

Nakuja kwenye alamisho, kwa sababu kanuni ileile ya kufuta inauma hapa. Usawazishaji si hifadhi ya akiba. Kijana wa ofisi akifuta folda ya alamisho za hifadhi za wanyama na hoteli kwenye simu akidhani ni za simu tu, zinafutika na kwa bosi. Ndiyo maana kabla sijagusa lolote nafungua `chrome://bookmarks`, nabonyeza vitone vitatu, nachagua Export bookmarks, na faili lile la HTML naliweka kwenye flashi.

Kama umechelewa na zimeshafutwa, tafuta kompyuta ya akaunti hiyo ambayo haijawashwa tangu zifutwe. Chomoa waya wa mtandao au zima waifai kwenye ruta kabla ya kuiwasha, fungua Chrome ikiwa haina intaneti, na uhamishe alamisho kwenda kwenye faili hapohapo. Ikishika mtandao tu, umezikosa.