Kubadili jina la chakula kimoja kwenye picha ya ubao wa chaki

Hali yenyewe ni ya kawaida kwa migahawa ya Mwanjelwa au Uyole, jijini Mbeya. Ubao wa menyu umeandikwa vizuri kwa chaki, umeegemezwa mlangoni na kupigwa picha, kisha baada ya muda samaki wanaadimika na mwenye mgahawa anaanza kupika mbuzi. Aliyeandika ubao ameshahama mji, na picha bado inafaa. Anachotaka mwenye mgahawa ni neno moja tu libadilike.

Wengi hufuta neno la zamani na kuweka jipya kwa fonti ya kompyuta inayofanana na chaki. Picha hiyo huumbuka mara moja. Kwenye fonti kila "i" ni pacha wa mwenzake, na mapengo ya unga wa chaki yako palepale katika kila herufi. Mkono wa mtu hauandiki hivyo. Chaki hushika sehemu zilizoinuka za ubao na kuruka mabonde yake, kwa hiyo mapengo hutokana na ubao wenyewe. Mkono ukienda polepole mstari hujaa, ukikimbia hupauka. Mahali mistari miwili inapokatana unga hulundikana na kuwa mweupe zaidi. Hakuna fonti inayojua ubao huu ulivyo.

Ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi wetu kuanza na kuusoma ubao kabla ya kugusa kifaa chochote. Herufi nyingi za neno jipya huwa zimeshaandikwa hapohapo, na mkono uleule, chini ya mwanga uleule.

Tuchukue mfano. Ubao una mistari mitano: Supu ya kuku, Ndizi nyama, Wali maharage, Ugali samaki, Chai ya tangawizi. Tunataka "Ugali samaki" isomeke "Ugali mbuzi". Neno "Ugali" linabaki lilivyo. Herufi "m" tunaichukua kwenye "samaki" yenyewe kabla haijafutwa. "U" ndogo ziko za kuchagua katika "Supu" na "kuku". "Zi" inapatikana kwenye "Ndizi", na hiyo tunaikata kama kipande kimoja, kwa sababu nafasi kati ya herufi mbili nayo ni sehemu ya mwandiko. Inayokosekana ni "b".

Kishawishi ni kuchukua "p" ya "Supu" na kuipindua juu chini. Umbo litakuwa la "b" kweli, lakini kama mwandishi analaza herufi zake kulia, hiyo itakuwa imelala kushoto peke yake. Jicho la msomaji litaiona hata kama hataweza kusema kasoro iko wapi. Njia nzuri zaidi ni kuunganisha: mti mrefu utoke kwenye "h" ya "maharage", tumbo litoke kwenye "p". Kiungo chao kiwe pale ambapo chaki ingepita mara mbili, ili weupe ukizidi kidogo usishangaze.

Sasa kazi yenyewe, kwa programu ya bure ya GIMP. Nakili picha kwanza, ile ya asili usiiguse. Zungushia kila herufi kwa Free Select ukiacha ukingo mpana wa ubao, kisha iweke kwenye tabaka lake. Fungua Levels na usogeze pembetatu nyeusi kulia mpaka ubao unaoizunguka herufi uwe mweusi kabisa, halafu badilisha hali ya tabaka iwe Lighten only. Hapo programu huonyesha kilicho cheupe zaidi kati ya juu na chini: ukingo mweusi hupotea, chaki hubaki, na ndani ya mapengo yake unaonekana ubao wa mahali pale pale unapoiweka. Usizidishe Levels, maana vumbi hafifu pembeni mwa mstari nalo litakufa na herufi itaonekana kama imekatwa kwa mkasi.

Kufuta "samaki" ni kazi ya Clone yenye brashi laini, ukichota kwenye nafasi tupu kati ya mstari wa tatu na wa nne. Kifaa cha Heal kinavutia, lakini karibu na chaki huchanganya weupe wa herufi jirani na kuacha doa la maziwa. Tazama pia ubao umepanguswa kuelekea wapi. Kama mikwaruzo ya kitambaa inalala kutoka kushoto kwenda kulia, nawe chota na kupaka kwa mwelekeo huo.

Kuna jambo la ukubwa ambalo huwaponyoka wengi. Ubao ulioegemezwa chini ukipigwa picha na mtu aliyesimama, mistari ya chini iko mbali zaidi na kamera, hivyo herufi zake hupungua. Pima. Ikiwa "z" ya mstari wa pili ina kimo cha pikseli 48 na herufi za aina yake mstari wa nne zina 44, basi "zi" yote ipunguzwe hadi asilimia 92 hivi. Kupunguza ni salama. Kukuza hulainisha kingo, kwa hiyo ukiweza kuchagua, chota herufi kwenye mistari ya juu. Kisha zungusha kila herufi digrii moja au mbili na uishushe au kuipandisha kidogo, kwa kadiri mkono huo unavyoyumba kwenye mistari mingine. Mimi huona wanaoanza wakinyoosha kupita kiasi.

"Mbuzi" ina herufi moja pungufu kuliko "samaki". Kama kuna vidoti vinavyokwenda hadi kwenye bei, vitabaki na pengo, kwa hiyo ongeza kimoja au viwili ulivyovichota mstari mwingine.

Kukagua kuna hila mbili. Pindua picha nzima kichwa chini, maana jicho likishindwa kusoma huanza kuona maumbo, na herufi ngeni hujitokeza yenyewe. Kisha ongeza ukolezi wa mwanga kwa muda hadi ubao uonekane vibaya. Kiraka chochote chenye rangi tofauti kitajianika. Ukimaliza rudisha ilivyokuwa.

Ikiwa neno jipya lina herufi nyingi zisizopatikana ubaoni, acha kuunganisha vipande. Paka kipande cha mbao rangi nyeusi ya ubao, andika neno kwa chaki huku ukiangalia picha ya asili, kiegemeze mlangoni saa ileile ya mchana na ukipige picha kwa pembe ileile. Neno hilo utaliingiza kwa Levels na Lighten only kama zile herufi. Na kama ubao umeandikwa kwa kalamu ya chaki ya maji, chaki ya fimbo haitafaa: wino wa kalamu hiyo hujaa bila mapengo na kingo zake ni laini.

Tunafanya hivi kwa idhini ya mwenye ubao, kwa chakula anachokiuza kweli. Akija mteja anayetaka bei ibadilishwe kwenye picha ili aende kudai alitozwa zaidi, tunamrudisha alikotoka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kughushi kwa kutumia kompyuta kuwa kosa, na mbinu ni hizi hizi.