Doa jeusi unyayoni: namna ya kulieleza kwenye picha unayomtumia daktari wa ngozi

Habari za kazi, daktari. Mimi ni tabibu wa zahanati huku Rungwe. Nina mama mmoja, mkulima wa viazi, miaka 58, ana doa jeusi unyayoni. Nilipiga picha nikaituma rufaa na maneno "kidonda cheusi mguuni". Nimeambiwa nieleze upya. Nilitakiwa kuandika nini?

Kilichomkwamisha aliyeipokea ni neno "kidonda". Kwa mtu wa ngozi, kidonda ni pale ngozi ilipochubuka au kulika. Ulichokipiga picha ni ngozi nzima iliyobadilika rangi, na hilo lina jina jingine.

Jina linatokana na maswali mawili tu: je, limeinuka au liko sawa na ngozi ya jirani? Na je, limepita sentimita 1 au halijapita? Doa lililo sawa na ngozi, dogo kuliko sentimita 1, ni makyuli. Likiwa sawa na ngozi lakini limepita sentimita 1, tunaliita baka. Kilichoinuka na ni kidogo kuliko sentimita 1, kigumu, kisicho na maji wala usaha ndani, ni papyuli, yaani kipele kigumu. Kilichoinuka kikatanda zaidi ya sentimita 1 huku juu pamelala bapa ni plaki. Kama kimeinuka na ukikishika unahisi kimeshuka chini ya ngozi, hicho ni kinundu.

Wapo wanaoweka mpaka kwenye nusu sentimita badala ya sentimita 1, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Andika kipimo kwa milimita kila mara. Ukisema "makyuli" bila kipimo, wewe na daktari mnaweza kuwa mnafikiria vitu viwili tofauti.

Sasa picha ni bapa. Huyo daktari atajuaje kama limeinuka, na mimi nitamhakikishiaje?

Kwa picha iliyopigwa kutoka juu kabisa, tena na flashi, hatajua. Mwanga wa flashi unafuta vivuli vyote, na kipele cha milimita 5 kinaonekana kama wino uliomwagika. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye picha zinazotufikia.

Mlaze mama kifudifudi karibu na dirisha, unyayo uelekee juu, mwanga wa mchana uingie kwa ubavu. Zima flashi. Piga picha ya kwanza kwa mbali, unyayo wote uonekane, ili ijulikane ni mguu gani na ni sehemu gani. Ya pili ipige kwa karibu, simu ikiwa sambamba na ngozi, na rula ikiwa pembeni ya doa bila kuligusa. Ya tatu shusha simu hadi iwe karibu usawa wa unyayo, upige kwa ubavu. Hii ya tatu ndiyo inayoonyesha kama kuna kitu kimesimama.

Kisha weka simu chini, uvae glavu, ufumbe macho na upitishe ncha ya kidole taratibu kutoka ngozi nzima kuingia kwenye doa. Kidole kisipojua kilipoingia, liko sawa na ngozi. Kikikwama, pameinuka. Unyayo una ngozi nene, na kwa mkulima huwa na sugu, kwa hiyo linganisha na mahali hapohapo kwenye mguu wa pili. Kwenye maelezo andika "nimeligusa", kwa sababu daktari wa ngozi aliye Mbeya hana njia nyingine ya kulijua hilo.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili la hati badala ya picha ya kawaida, isipunguzwe ubora. Omba ridhaa ya mama kwanza, na uso wake wala jina lake visionekane.

Nimesoma kwamba "ukingo usio sawa" ni dalili mbaya. Lakini ukingo wa doa hili unaonekana vizuri kabisa. Hapo niandike nini?

Ukingo unaelezwa kwa mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kama unaonekana wazi au unafifia: je, unaweza kuonyesha kwa kalamu mahali doa linapoishia, au rangi inapungua polepole hadi huoni mwisho wake? La pili ni umbo la mstari wenyewe: je, umezunguka kwa ulaini, au una vighuba na rasi kama mwambao wa ziwa? Huo wa pili ndio ukingo usio sawa.

Kwa hiyo ukingo unaweza kuwa wazi kabisa na bado usiwe sawa. Andika yote mawili. Njia rahisi ya kuukagua ni kuikuza picha kwenye simu, kisha kuufuata mstari kwa kidole mzunguko mzima. Kila unapolazimika kuingia ndani kisha kutoka tena, hapo ukingo umevunjika. Taja ni upande gani: wa vidole, wa kisigino, wa ndani au wa nje.

Ukingo huo peke yake hauthibitishi saratani. Mabaka ya fangasi, soriasisi na hata ukoma huweza kuwa na kingo za namna hiyo. Uzito wake unakuja pale unapokutana na rangi zaidi ya moja ndani ya doa moja, na umbo ambalo ukiligawa katikati nusu mbili hazifanani, na kukua.

Watu wengi huku wana madoa ya kahawia kwenye nyayo. Nitatofautishaje na hili?

Umeuliza jambo la muhimu, maana watu weusi wengi wana makyuli za kahawia viganjani na nyayoni zisizo na madhara yoyote. Kwa kawaida huwa kadhaa, miguu yote miwili, zinafanana rangi, na mwenyewe anakuambia anazo tangu zamani. Linalotutia wasiwasi ni doa moja lisilofanana na wenzake, hasa likiwa limetokea ukubwani au limeanza kutanuka.

Kabla hujafika huko, ondoa vinavyodanganya macho. Osha unyayo kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, usugue. Rungwe ni kwenye migomba, na utomvu wake huacha weusi unaodumu. Damu iliyovilia baada ya kujikwaa au kukanyaga jiwe huwa nyekundu iliyoiva au nyeusi. Izungushie mstari wa kalamu, upige picha, umwite mgonjwa baada ya wiki chache: damu itakuwa inafifia au inasogea kuelekea nje ngozi inavyokua. Ila kama doa lina rangi kadhaa na limekuwa likikua, usisubiri majaribio hayo. Funza naye huonekana kama papyuli nyeupe yenye nukta nyeusi katikati, inawasha na inauma, na mara nyingi iko pembeni ya kucha.

Kuhusu rangi, kuwa makini na neno "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa moto huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Andika rangi unayoiona. Tena ukiona mabaka au plaki za zambarau miguuni, fungua mdomo wa mgonjwa uangalie kaakaa, kwa sababu saratani ya Kaposi huanza hivyo, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ina maambukizi mengi ya VVU.

Naomba uniandikie mfano kwa mgonjwa wangu huyuhuyu. Nimepima: milimita 24 kwa 15, na upande wa kisigino kuna kitu kidogo kimeinuka, milimita 6.

Kwa picha zako mpya na majibu uliyonipa, ningeandika hivi:

"Mwanamke, miaka 58. Unyayo wa kushoto, upande wa ndani, karibu na kisigino: baka moja, milimita 24 kwa 15, nusu zake hazilingani. Ukingo unaonekana wazi ila si sawa, una mapindo mawili upande wa vidole. Rangi tatu: kahawia pembezoni, nyeusi sehemu kubwa, kijivu kidogo katikati. Ndani ya baka, upande wa kisigino, kuna papyuli moja nyeusi, milimita 6, ngumu, haiumi. Nimeligusa: sehemu iliyobaki iko sawa na ngozi. Hakuna kidonda, damu wala magamba. Mgonjwa anasema lilianza kama nukta miaka miwili iliyopita, na kipele kimetokea mwaka huu. Kinena hakina mitoki. Ninachohofia: melanoma ya unyayo."

Angalia kwamba sikuliita makyuli, kwa kuwa limepita sentimita 1, wala plaki, kwa kuwa sehemu kubwa haijainuka. Ni baka lenye papyuli ndani yake, na hiyo papyuli ndiyo iliyonishtua kuliko weusi wote unaoizunguka. Melanoma ni saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi. Ile ya unyayo mara nyingi hutanda kwanza kwenye tabaka la juu la ngozi, kwa miezi au hata miaka. Sehemu inapoanza kuinuka, huenda imeanza kushuka chini, na matarajio ya mgonjwa yanategemea sana kina hicho, ambacho mpimaji wa maabara hukipima kwa milimita.

Hofu yako iweke mwisho, sentensi yake peke yake. Ukianza na "melanoma", anayesoma ataitazama picha akiwa ameshaamua.

Watu weusi wanapopata melanoma, huwa zaidi miguuni, viganjani na chini ya kucha, mahali pasipochomwa sana na jua. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Nyingine hazina weusi kabisa, zinakuwa kama kinyama cha waridi kinachotoa damu, kwa hiyo kidonda cha unyayo kisichopona kwa miezi miwili nacho kinahitaji rufaa.

Watoto wake wanasema nikikwangue kile kipele kwa wembe wa hospitali ili nimpunguzie safari. Nifanye?

Usikikwangue. Ukitoa juu tu, unapoteza kile kina ninachokisema, na maabara haitaweza kukipima tena. Usikichome kwa dawa wala kwa umeme, na wakatazeni kupaka dawa za kuunguza. Kipimo kinachofaa ni kutoa nyama yenye unene wote wa ngozi. Doa lote likiwezekana, au sehemu iliyoinuka zaidi kama ni kubwa mno, na kazi hiyo ifanywe na anayeweza pia kuihifadhi kwenye fomalini na kuifikisha maabara.

Mpe barua ya rufaa wiki hii, na maelezo hayo uyaandike kwenye barua yenyewe, maana simu hupotea. Kabla hajaondoka, papasa tena kinena cha kushoto na nyuma ya goti. Ukikuta tezi ngumu isiyouma, iongeze kwenye barua na kipimo chake, kisha upige simu kliniki ya ngozi wasimweke kwenye foleni ya kawaida.